Kutafsiri Kipeperushi cha Sanduku la Huduma ya Kwanza Kutoka Kwenye Picha: Majeraha ya Moto na ya Kukatwa

Na Mwandishi Wetu

Masanduku mengi ya huduma ya kwanza yaliyopo katika shule, karakana, ofisi na magari huja na kipeperushi cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni, mara nyingi Kiingereza. Mtu anayehitaji maelekezo hayo kwa kawaida hana kipeperushi mkononi. Ana picha yake iliyopigwa kwa simu na kutumwa, naye huombwa kuitafsiri ili ibandikwe ukutani. Kazi hiyo huonekana nyepesi kwa kuwa maneno yenyewe hayazidi ukurasa mmoja. Hata hivyo, sentensi zinazopotea au kupotoshwa kwa urahisi zaidi ni zile zinazoeleza lini majeruhi apelekwe kwa mhudumu wa afya aliyefunzwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa kutumia mfano mmoja.

Tuchukue sanduku la shule ya msingi yenye jiko la kuni linalopika uji kila asubuhi. Ndani ya kifuniko pamebandikwa kipeperushi cha Kiingereza kilichochapwa Uingereza. Upande wa kushoto una maelekezo ya majeraha ya moto, upande wa kulia yale ya kukatwa, na chini kabisa kuna mstatili mwekundu wenye onyo. Mwalimu wa afya amekipiga picha na kuituma kwa mfasiri.

Kusoma picha kabla ya kutafsiri

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba maandishi yote yapo. Kipeperushi kilichokaa muda mrefu ndani ya kifuniko huwa na mkunjo, na mkunjo unaweza kumeza mstari mzima. Mstari uliomezwa ukiwa na neno la kukanusha, agizo la kutopasua lengelenge hugeuka kuwa agizo la kulipasua. Mng'ao wa taa juu ya karatasi laini nao hufuta tarakimu, hivyo dakika 20 zikasomeka kama dakika 2. Maandishi meupe yaliyo ndani ya mstatili mwekundu hufifia kuliko yote picha inapopigwa penye mwanga hafifu, na kwa kuwa mstatili huo uko chini ya ukurasa, ndio unaokatwa kwanza mpigapicha anapokosea kipimo.

Kosa jingine hutokea pale maandishi yanapotolewa kwenye picha kwa programu ya simu. Programu inaweza kusoma mstari kutoka kushoto hadi kulia bila kutambua kwamba ukurasa una safu mbili. Matokeo yake, nusu ya agizo la kupoza jeraha la moto huungana na nusu ya agizo la kuzuia damu. Mfasiri atalitambua kosa hilo kwa kuangalia kama kila sentensi inazungumzia jeraha moja tu. Sentensi inayoanza na maji na kuishia na bendeji ya kukaza ni dalili kwamba safu zimechanganyika.

Katika mfano wetu, mfasiri alimwomba mwalimu apige picha 4: moja ya ukurasa mzima, moja ya kila safu, na moja ya mstatili mwekundu peke yake, karatasi ikiwa imenyooshwa, karibu na dirisha na bila mwako wa kamera. Alimwomba pia aangalie kama karatasi ina maandishi upande wa pili. Panapobaki neno lisilosomeka, mfasiri halikisii. Huacha nafasi, huiwekea alama, na kumtaka mwenye sanduku amsomee neno hilo kwa simu, herufi kwa herufi.

Anza na mstatili wa onyo

Vipeperushi vingi huanza na tiba na kumalizia na onyo. Anayetafsiri kwa mpangilio huo hufika kwenye onyo akiwa amechoka, au nafasi ya karatasi ikiwa imekwisha. Inafaa onyo litafsiriwe kwanza, kisha katika nakala ya Kiswahili liwekwe juu, kabla ya maelekezo mengine.

Katika mstatili huo, neno gumu kuliko yote ni jepesi kwa macho. Kipeperushi kinasema jeraha la moto lililo kubwa kuliko mkono wa majeruhi lipelekwe hospitali. Kiingereza kina neno moja la sehemu kuanzia kifundo hadi vidole, na neno tofauti la sehemu kuanzia bega. Kiswahili kinatumia "mkono" kwa zote mbili. Tafsiri isemayo "kubwa kuliko mkono" itamfanya msomaji afikirie mkono mzima kuanzia begani, na mtoto aliyeungua tumbo zima atabaki nyumbani kwa kuwa jeraha lake halijafikia kipimo hicho. Tafsiri sahihi ni "kubwa kuliko kiganja cha majeruhi mwenyewe pamoja na vidole vyake". Kiganja hicho pamoja na vidole hukadiriwa kuwa sawa na asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili, na ndiyo sababu hupimwa kwa kiganja cha aliyeumia. Kiganja cha mwalimu kikitumika kupima jeraha la mwanafunzi wa darasa la kwanza, jeraha litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Tatizo hilohilo lipo katika neno "mguu". Kipeperushi kinataja jeraha la sehemu inayokanyaga chini, si la paja wala la ugoko. Hapo huandikwa "nyayo na vidole vya miguu". Kwa upande wa mikono huandikwa "viganja na vidole vya mikono". Sehemu hizo hutajwa kwa kuwa kovu linalojikunja juu yake huweza kumzuia mtu kushika au kutembea, hata kama jeraha lenyewe lilikuwa dogo.

Neno la tatu ni maumivu. Mstatili unasema jeraha jeupe, lililokauka kama ngozi iliyotengenezwa au lililoungua kuwa jeusi, na ambalo haliumi, lionwe na daktari mara moja. Msomaji wa kawaida hudhani kisichouma si kikubwa. Ukweli ni kinyume chake: jeraha la moto likishuka hadi kuharibu mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya ngozi, mtu huacha kuhisi. Ikiwa tafsiri itaandika tu "jeraha lisilouma", wapo watakaolisoma kama habari njema. Maneno machache ya kuongeza yanatosha: "hata kama haliumi, kwa maana kutouma ni dalili kwamba moto umeingia ndani".

Majeraha ya moto: maji, muda na nguo

Agizo kuu la safu ya kushoto ni kupoza jeraha kwa maji yanayotiririka. Kiingereza kina neno la ubaridi wa wastani na jingine la baridi kali, na kipeperushi kimetumia la kwanza. Kwa Kiswahili, mtu anayeomba "maji ya baridi" dukani hupewa yaliyotoka kwenye jokofu, na barafu au maji yake huweza kuidhuru zaidi ngozi iliyoungua. Kwa hiyo huandikwa "maji safi ya bomba au ya mtungini, yasiyo ya jokofu wala ya barafu".

Muda ni dakika 20. Vipeperushi vya zamani huandika dakika 10, ilhali miongozo ya baadaye, ukiwemo ule wa Baraza la Ulaya la Ufufuaji wa Wagonjwa wa mwaka 2021, ilisema dakika 20. Mfasiri akikuta 10 hatakiwi kuibadili kimyakimya, wala kuinakili bila kusema. Humwarifu mwenye sanduku, naye mhudumu wa afya ndiye atakayeamua kipi kiandikwe. Shule isiyo na bomba inahitaji pia sentensi ambayo kipeperushi cha Uingereza hakina: maji yamwagwe taratibu kwa kopo kutoka kwenye ndoo safi, bila kukatiza, hadi muda utimie. Nyongeza ya namna hiyo huwekewa alama kuonyesha kwamba imetoka kwa mfasiri na imekubaliwa na mtaalamu.

Mstari unaofuata unaagiza majeruhi apatiwe joto. Baadhi ya wafasiri huuacha kwa kudhani ni kosa la chapa, maana mstari wa juu yake umeagiza kupoza. Si kosa. Kinachopozwa ni jeraha, na kinachotiwa joto ni mwili uliobaki, hasa kwa mtoto mdogo ambaye hupoteza joto haraka anapomwagiwa maji kwa muda mrefu. Tafsiri iseme wazi: "Poza sehemu iliyoungua tu, sehemu nyingine za mwili zifunike kwa kanga au blanketi."

Kuhusu nguo, Kiingereza kimetumia sentensi ya sharti: vua nguo na mapambo yaliyo karibu na jeraha, isipokuwa yale yaliyoganda kwenye ngozi. Katika sentensi ya namna hiyo msomaji mwenye hofu hukumbuka kitenzi cha mwanzo na kusahau sharti la mwisho. Ni salama kuigawa mara mbili: "Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu na jeraha kabla halijavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, iache ilivyo."

Hatimaye kuna suala la kufunika. Kipeperushi kinataja nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, kitu ambacho majiko mengi ya shule hayana. Mfasiri hukitaja kwa maelezo na kuongeza kibadala kinachokubalika, yaani kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Nailoni hulazwa juu ya jeraha bila kuzungushwa, kwa sababu sehemu iliyoungua huvimba. Pamba haifai, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye jeraha. Mahali ambapo kipeperushi kinakataza siagi na krimu, inafaa vitajwe vitu ambavyo watu wa hapa huvitumia kweli: dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia. Katazo la siagi pekee halitamzuia mtu aliyeshika dawa ya meno.

Majeraha ya kukatwa: kukandamiza na kuacha

Safu ya kulia inaanza na agizo la kubana moja kwa moja juu ya jeraha linalotoka damu. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "weka shinikizo la moja kwa moja", na hapo msomaji hufikia shinikizo la damu, ugonjwa usiohusika. Kiswahili cha kazi hiyo ni "kandamiza kwa nguvu". Muda wake ni dakika 10 mfululizo, na neno "mfululizo" halipaswi kukosa. Anayeinua kitambaa kila baada ya dakika kuangalia kama damu imekoma hulivunja donge lililoanza kuganda, na hesabu yake inaanza upya.

Kitambaa kinacholazwa moja kwa moja juu ya jeraha kina jina la Kiingereza linalotokana na kitenzi cha kuvaa, na wapo waliokwisha kuliandika "mavazi". Vitu viwili vitofautishwe hapa: shashi safi ya kufunika jeraha, na bendeji ya kuishikilia shashi hiyo mahali pake. Bendeji hufungwa imara bila kuzuia damu kufika kwenye vidole. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ilegezwe.

Ikiwa kuna kioo, msumari au kipande cha mti kilichozama ndani ya jeraha, kipeperushi kinakataza kukitoa. Agizo hili linapingana na desturi ya watu wengi, kwa hiyo haitoshi kuandika "usikitoe". Sababu yake inaingia katika sentensi moja: kitu hicho huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Kandamiza kando zake mbili, na umwachie mtaalamu kazi ya kukitoa.

Neno la sifa linalotumika kwa jeraha jepesi nalo lina mtego. Kwa Kiingereza neno hilohilo humaanisha pia mtu asiyetimiza umri wa miaka 18. Kichwa kidogo kinachohusu majeraha madogo kikageuzwa kuwa "majeraha ya watoto", mwalimu ataelewa kwamba majeraha yote ya watoto hutibiwa shuleni.

Nguvu ya agizo na mahali pa kumpeleka majeruhi

Kipeperushi kina ngazi tatu za agizo: kupiga simu ya dharura sasa, kwenda kutibiwa leo, na kuomba ushauri hali ikibadilika. Kila ngazi ina kitenzi chake, na tafsiri ikitumia "muone daktari" kwa zote, tofauti hiyo hufutika. Kwa ngazi ya kwanza huandikwa "mpeleke hospitali sasa hivi", kwa ya pili "mpeleke kituo cha afya leo", na kwa ya tatu "rudi kituoni ukiona dalili hizi". Maneno "inafaa" na "ikiwezekana" hayana nafasi katika ngazi ya kwanza.

Mahali napo panahitaji kubadilishwa. Kipeperushi cha Uingereza humwelekeza msomaji kwa daktari wake wa familia, mtu ambaye mwanakijiji hana. Nafasi yake huchukuliwa na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, chenye tabibu na muuguzi. Vivyo hivyo namba 999 iliyochapwa kwenye kipeperushi hicho ni ya Uingereza. Nchini Tanzania huandikwa namba ya dharura 112, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Chini yake huachwa mistari mitupu ya namba ya kituo cha afya na ya mwenye gari aliye karibu.

Kuhakiki kabla ya kubandika

Mfasiri wa mfano wetu hakubandika nakala yake siku ileile. Kwanza alimpa mtu mwingine, ambaye hakuwa ameiona picha, airudishe kwa Kiingereza. Akalinganisha vitu vitatu tu: tarakimu zote, maneno yote ya kukanusha, na orodha nzima ya onyo. Kisha muuguzi wa kituo cha afya aliisoma na kuitia saini. Mwisho, mpishi wa shule aliisoma kwa sauti na kuulizwa: "Mtoto amemwagikiwa uji kifuani, utafanya nini?" Alijibu kwamba angempoza kwa maji kwa dakika 20, kisha angempaka asali. Tafsiri haikuwa imekosea, ila orodha ya makatazo haikutaja asali, nayo ikaongezwa. Aliulizwa tena: "Ataenda hospitali?" Mpishi aliweka kiganja chake hewani kupima. Ndipo ilipoonekana kwamba maneno "cha majeruhi mwenyewe" yanahitaji kuandikwa kwa herufi nzito.

Pale istilahi inapozua mabishano, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ndicho chombo cha kuulizwa. Ushauri wa tiba unabaki kuwa wa mhudumu wa afya.

Nakala iliyokamilika

MPELEKE HOSPITALI SASA HIVI, huku ukiendelea kumhudumia, ikiwa:
- Jeraha la moto ni kubwa kuliko kiganja cha majeruhi mwenyewe pamoja na vidole vyake.
- Ameungua uso, shingo, viganja, nyayo, viungo vinavyokunjika au sehemu za siri.
- Jeraha ni jeupe, limekauka au ni jeusi, hata kama haliumi.
- Ameunguzwa na umeme au kemikali, au amevuta moshi.
- Aliyeungua ni mtoto wa chini ya miaka 5, mzee au mjamzito.
- Damu haijakoma baada ya kukandamiza kwa dakika 10 mfululizo, au inaruka.
- Kuna kitu kimezama ndani ya jeraha.
- Sehemu iliyo mbele ya jeraha imekufa ganzi au haiwezi kukunjwa.

MPELEKE KITUO CHA AFYA LEO ikiwa jeraha la kukatwa limeachama, lina uchafu usiotoka kwa kuoshwa, limetokana na kuumwa na mnyama au mtu, au majeruhi hajakamilisha chanjo ya pepopunda.

JERAHA LA MOTO
1. Mwondoe kwenye moto au maji ya moto. Kama ni umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa.
2. Poza kwa maji safi ya bomba au ya mtungini kwa dakika 20. Usitumie barafu wala maji ya jokofu.
3. Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu. Iliyoganda kwenye ngozi usiivute.
4. Funika sehemu nyingine za mwili ili asipate baridi.
5. Lifunike jeraha kwa nailoni safi au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usikaze.
6. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, asali, yai, unga, mafuta wala krimu.

JERAHA LA KUKATWA
1. Nawa mikono na uvae glovu zilizomo sandukuni.
2. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kwa nguvu kwa shashi safi, dakika 10 mfululizo, bila kuinua kuangalia.
3. Kitu kilichozama usikitoe. Kandamiza kando zake.
4. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi yanayotiririka, likaushe pembezoni, kisha ulifunike.
5. Funga bendeji imara. Vidole vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, ilegeze.

RUDI KITUO CHA AFYA ukiona jeraha linazidi kuuma, kuvimba au kuwa jekundu, linatoa usaha, au majeruhi amepata homa.

Dharura: 112. Zimamoto na Uokoaji: 114.
Kituo cha afya: ______ Usafiri: ______
Imehakikiwa na (jina, cheo, tarehe): ______